Zimebaki Hatua Ngapi, na Majibu Lini?

Usaili wa kwanza ukikaribia mwisho, mwenyekiti wa jopo hufunga faili na kuuliza, "Haya, na wewe una swali lolote kwetu?" Wengi hujibu, "Hapana mwenyekiti, nashukuru sana," wanapeana mikono na kutoka. Maswali huanza kesho yake. Kuna usaili mwingine, au ule ndio ulikuwa wenyewe? Nipige simu au nitulie? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, nimwambie nini? Ndugu wakiuliza mambo yamefikia wapi, jibu ni moja tu: "Walisema watanipigia."

Lakini lilikuwapo swali la kuuliza pale mezani, tena fupi: baada ya leo zimebaki hatua ngapi, na majibu yanatarajiwa lini? Wanaoliacha huwa na sababu mbili. Wengine wanaona ni kukosa adabu kumuuliza mkubwa ratiba yake. Wengine wanahofia kuonekana wana shida sana na kazi. Kwa niliyoyaona kwenye majopo, hofu zote mbili hazina msingi. Wasaili huchoshwa na anayeulizia mshahara hata hajamaliza kujitambulisha, au anayeuliza kampuni inafanya nini wakati habari zote ziko kwenye tovuti. Anayeuliza utaratibu hamkeri mtu. Mara nyingine huwafanya wajumbe wenyewe watazamane na kuulizana, "Hivi tulisema lini?"

Kutazamana huko kuna sababu yake. Msailiwa huhesabu hatua kwa siku alizovaa suti na kupanda daladala. Mwajiri huhesabu kwa saini. Hesabu hizi mbili hazilingani hata kidogo, na asiyelijua hilo atauliza swali nusu na kupata jibu nusu.

Tuangalie kinachoendelea mlango ukishafungwa nyuma yako. Jopo la kampuni ya wastani au shirika lisilo la kiserikali huwa na watu watatu hadi watano: mwenyekiti, mtaalamu wa fani yenyewe, na afisa rasilimali watu ambaye mara nyingi ndiye katibu. Kila mjumbe ana karatasi yake ya alama. Hawaamui hapohapo, kwa kuwa kuna wengine nyuma yako, labda wa leo mchana, labda wa keshokutwa. Wakishawaona wote, alama hujumlishwa, na palipo na tofauti kubwa, mmoja kakupa 80 na mwenzake 45, kila mtu hutakiwa aseme aliona nini. Katibu huandika ripoti. Ripoti inahitaji saini za wajumbe wote, na mmoja wao keshasafiri kikazi kwenda Mbeya.

Saini zikikamilika, ripoti huingia kwa mkurugenzi. Huyu anaweza kuikubali kama ilivyo, au akasema anataka kuwaona wawili wa juu kwa macho yake. Hapo ndipo wewe unapoitwa kwenye kile unachokiita usaili wa pili. Kisha idara ya fedha inathibitisha kwamba mshahara wa nafasi hiyo umo kwenye bajeti. Wadhamini uliowaandika kwenye wasifu wako wanatafutwa, na mmoja wao ni mwalimu wako wa chuo ambaye hapokei namba asizozijua. Mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za wafadhili mara nyingi husubiri pia kibali cha makao makuu, na ofisi hizo zinaweza kuwa kwenye bara jingine. Baada ya hapo ndipo barua ya ajira inachapwa.

Katika mlolongo wote huo, wewe umeonekana mara mbili tu. Kwa hiyo ukiuliza, "Kuna usaili mwingine?" na ukajibiwa, "Hapana, huu ndio wa mwisho," usije ukadhani jibu litatoka Ijumaa. Usaili umekwisha, saini hazijaanza. Swali lenye tija linaulizia uamuzi, na linaulizia hatua uliyopo kabla ya kuulizia mwisho wa safari. Kwa maneno ya kawaida, linaweza kwenda hivi:

"Nashukuru mwenyekiti. Ningependa tu kufahamu utaratibu. Baada ya leo kuna hatua gani nyingine kabla ya uamuzi wa mwisho? Na sisi tuliosailiwa leo tutegemee kujulishwa lini kama tumevuka au hatukuvuka?"

Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mwenyekiti hawezi kukuambia kwa uhakika kazi itaanza lini, maana hilo linategemea watu ambao hawamo chumbani. Lakini tarehe ya kumaliza kusaili na kutoa majibu ya hatua hii anaijua, au anaweza kuikadiria bila kubahatisha. Ukimuuliza asilolijua atakujibu kwa adabu na utaondoka mikono mitupu.

Kuna nyongeza moja ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo itakayokuokoa baadaye: "Ikifika tarehe hiyo sijasikia chochote, niwasiliane na nani?" Anayekujibu hapo anakupa jina la afisa, na jina hilo ni ruhusa. Wiki tatu baadaye utakapoandika baruapepe, hutakuwa msumbufu anayefuatilia, utakuwa mtu anayefanya alichoelekezwa.

Ikiwa jopo lina haraka, au mwenyekiti hakukupa nafasi ya kuuliza, usilazimishe. Mara nyingi afisa rasilimali watu ndiye anayekusindikiza hadi mapokezi. Wakati unarudisha kitambulisho cha mgeni na kujaza saa ya kutoka kwenye kitabu, muulize yeye. Binafsi naamini jibu la kwenye korido ni bora kuliko la mezani. Mwenyekiti hujibu kama msemaji wa taasisi, afisa hujibu kama mtu anayejua meza ipi faili litakwama. "Dada, kwa kweli bado tuna wengine wanane, Alhamisi ndiyo tunamaliza. Halafu bosi yuko safarini mpaka tarehe 20." Sentensi hizo mbili zina habari nyingi kuliko "tutawasiliana nawe" kumi.

Na usaili ukiwa wa simu au wa video, hakuna korido. Uliza kabla ya kuaga, kisha siku hiyohiyo andika baruapepe fupi ya shukrani, na ndani yake rudia ulichoambiwa: "Nimeelewa kwamba hatua inayofuata ni mtihani wa vitendo, na kwamba tutajulishwa kufikia Ijumaa tarehe 13." Kama ulisikia vibaya, watakusahihisha. Kama ulisikia vizuri, ahadi imeshaandikwa.

Majibu yenyewe yana lugha yake. "Tutakupigia" peke yake haisemi kitu, si kizuri wala kibaya. Husemwa kwa aliyeongoza na kwa aliyeshika mkia. "Wiki mbili hivi" kutoka kwa mjumbe asiyehusika na ajira ni makadirio ya mtu mwema, iongeze mara mbili. "Tukishamaliza kuwaona wote" ni jibu la kweli lakini halina tarehe, hivyo unaweza kuuliza kwa upole wanatarajia kumaliza lini. Jibu linalotaka masikio zaidi ni hili: "Tunasubiri nafasi ipitishwe." Maana yake wameanza kusaili kabla fedha hazijathibitishwa. Hapo hata jopo lenyewe halijui, na kwa taasisi zinazofuata mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza 1 Julai Tanzania na Kenya, usaili wa Mei unaweza kusubiri bajeti mpya. Usiache kazi uliyonayo kwa jibu la aina hiyo.

Wengine husoma dalili pasipo na dalili. Kuombwa majina ya wadhamini si lazima iwe ishara kwamba umechaguliwa. Zipo ofisi zinazowaomba wote siku ya kwanza ili zisirudi nyuma baadaye. Kuulizwa, "Unaweza kuanza lini?" nako ni vivyo hivyo, swali hilo liko kwenye karatasi ya kila msailiwa. Lakini lijibu kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inataja siku 28 kwa wa mshahara wa mwezi. Mkataba wako unaweza kudai zaidi ya hapo. Ukisema unaweza kuanza kesho ilhali una ajira, ama utavunja mkataba wako au utalipa mshahara badala ya notisi, na msaili makini atajiuliza kama siku moja utamfanyia na yeye hivyohivyo.

Sasa tuichukue ratiba hii tuifanyie kazi. Tuseme yuko mhasibu wa hospitali binafsi Mwanza, mama wa watoto wawili, ameomba kazi kwenye shirika lenye ofisi Dodoma. Usaili wa kwanza unafanyika kwa video Jumanne tarehe 3 Machi. Mwishoni anauliza, na katibu wa jopo anamfafanulia: watakaovuka watafanya mtihani wa Eksel wa saa moja na nusu, kisha wawili au watatu wa juu wataonana na mkurugenzi pamoja na meneja wa fedha, ana kwa ana, Dodoma. Wadhamini watapigiwa, na jina la mwisho litapelekwa makao makuu kupitishwa. Majibu ya hatua ya kwanza yatatoka kufikia Ijumaa tarehe 13. Akikwama, amwandikie yeye katibu.

Jumanne tarehe 10, chama cha akiba na mikopo kilichomsaili mwezi uliopita kinamletea barua ya ajira. Kinataka jibu kufikia Ijumaa, tarehe 13 ileile. Mshahara ni mzuri kiasi, ila ule wa Dodoma umezidi.

Asingeuliza tarehe 3, leo angekuwa gizani. Hajui kama Dodoma wameshamwacha, hajui kama kumebaki hatua moja au nne, na hamjui wa kumwandikia. Kwa kuwa aliuliza, anaandika mchana huohuo:

"Habari za leo Bi. Afisa. Nashukuru tena kwa usaili wa tarehe 3. Nimepokea barua ya ajira kutoka taasisi nyingine, nayo inahitaji jibu langu kufikia Ijumaa tarehe 13. Nafasi yenu bado ndiyo ninayoipendelea, hivyo nimeona ni vema niwajulishe mapema. Je, inawezekana kufahamu kabla ya siku hiyo kama nimevuka kwenda hatua ya mtihani, na uamuzi wa mwisho unatarajiwa lini? Iwapo ratiba hairuhusu, nitaelewa. Ahsante."

Tazama kilichomo na kisichomo. Taasisi nyingine haikutajwa jina, wala mshahara wake. Hakuna kitisho cha "msipojibu nachukua huko." Kuna tarehe moja, maswali mawili, na mlango ulioachwa wazi kwa afisa asiyeweza kusaidia. Na barua ipo kweli. Kubuni barua ya uongo ili kuwaharakisha ni mchezo mbaya, kwa sababu jibu rahisi kabisa la mwajiri ni, "Hongera, kila la heri," na hapo huna pa kurudi.

Afisa anajibu Jumatano. Amevuka. Mtihani uliokuwa ufanyike wiki inayofuata wanaweza kumpa Alhamisi tarehe 12, kwa sababu ni wa kufanyia mtandaoni na hauhitaji mtu mwingine. Lakini mkurugenzi yuko safarini hadi Jumatatu tarehe 23, na hakuna usaili wa ana kwa ana kabla yake. Jibu hili ni la kawaida sana: mwajiri anaweza kusogeza kilicho mikononi mwa afisa, na hawezi kusogeza kilicho mikononi mwa bosi.

Mama yetu anachukua kalamu. Usaili wa pili hauwezi kuwa kabla ya tarehe 24. Wadhamini watachukua wiki moja, hiyo ni tarehe 31. Makao makuu, akiwapa wiki mbili, ni katikati ya Aprili. Barua ikitoka, atatoa notisi ya siku 28 hospitalini, hivyo kazi ya Dodoma haianzi kabla ya katikati ya Mei, na hiyo ni kama kila kitu kitakwenda sawa na yeye ndiye atakayeongoza kati ya watu watatu. Upande wa pili, akisaini Ijumaa hii na kutoa notisi Jumatatu, anaanza kazi mpya katikati ya Aprili.

Anafanya jambo moja zaidi. Anawapigia wale wa chama cha akiba na mikopo, anawashukuru, na anaomba wampe hadi Jumatatu tarehe 16 asome mkataba vizuri. Siku tatu si ombi kubwa, wanakubali. Angeomba wiki tatu wangempigia mtu wa pili kwenye orodha. Ijumaa, akiwa ameshafanya mtihani wa Eksel, anakaa na mumewe. Mshahara wa Dodoma umezidi, lakini familia italazimika kuhama au kuishi nyumba mbili, na nafasi yake ni moja kati ya tatu. Anasaini ya Mwanza, na siku hiyohiyo anamwandikia afisa wa Dodoma kujiondoa. Mwingine angeamua tofauti, hasa kijana asiye na familia ya kuhamisha. Nisichokubaliana nacho ni kusaini huku na kuendelea kujificha kule "nione itakuwaje". Watu wa ajira wanafahamiana, mji si mkubwa kiasi hicho.

Hadi hapa nimezungumzia sekta binafsi na mashirika. Serikalini mambo ni mengine, na hapo sikushauri ukalielekeze swali hili kwa jopo. Tanzania Bara, ajira nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na utaratibu wake uko wazi kwenye matangazo yenyewe. Kuna usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kada zinazotaka ujuzi wa mikono, kama udereva, zina usaili wa vitendo. Kisha kuna usaili wa mahojiano. Kila hatua ina tangazo lake lenye tarehe na mahali, na majina ya walioitwa kazini hutangazwa kwenye tovuti. Mjumbe wa jopo hana cha kukueleza zaidi ya hapo, na ukimuuliza unamtia mashakani kwamba unatafuta upenyo.

Lakini kuna kitu ambacho wasailiwa wengi wa serikalini hawakielewi: kanzidata. Nafasi zinaweza kuwa tano na waliofaulu mahojiano wakawa kumi na mmoja. Wale sita hawakufeli, majina yao huhifadhiwa, na nafasi ya kada ileile ikipatikana baadaye wanaweza kupangiwa bila kusailiwa upya. Ndiyo maana matangazo ya kuitwa kazini mara nyingi hueleza kwamba orodha ina waliofanya usaili karibuni pamoja na waliokuwa kwenye kanzidata. Kwa aliyefaulu mahojiano, basi, kutoona jina lake kwenye orodha ya kwanza si lazima iwe mwisho. Ahakikishe tu kwamba namba ya simu na baruapepe alizoweka kwenye mfumo wa maombi bado ni zake. Namba iliyokufa imewaponyoka watu kazi.

Swali la hatua zilizobaki lina faida nyingine mbili. Ya kwanza ni kujua kama mwajiri anajijua. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya watu katika kampuni ya Google, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2015 kwamba walipochambua takwimu zao waligundua usaili wa watu wanne unatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86, na kila anayeongezwa baada ya hapo huleta tofauti ndogo mno. Hiyo ni kampuni iliyokuwa ikitafuta wahandisi kutoka dunia nzima. Ukiambiwa kazi ya kawaida ya ofisini ina hatua saba, una haki ya kuuliza kila moja inapima nini. Wakikosa la kusema, umeshajifunza jinsi maamuzi yanavyofanyika humo, na ukiajiriwa utaomba likizo kwa utaratibu huohuo.

Ya pili ni matapeli. Mji una ofisi za kukodi kwa siku, zenye viti vizuri na bango la kampuni, ambamo watu husailiwa kazi isiyokuwapo. Hatua ya kwanza ni bure. Ukitoka unapigiwa simu kwamba umefaulu, na kwamba hatua inayofuata inahitaji fedha ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare au ya mafunzo, itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Uliza mapema hatua zote zilizobaki, nani anahusika na kila moja, na kama kuna gharama yoyote kwa msailiwa. Mwajiri halisi atakujibu bila kusita. Tapeli hutaka hatua zije moja moja, kila moja na bei yake, na hapendi ziandikwe. Mwombe akutumie utaratibu kwa baruapepe ya kampuni, uone kama utaipata.

Linabaki suala la kimya. Umeuliza, ukaambiwa Ijumaa tarehe 13, na Ijumaa imepita. Usipige simu Jumamosi. Ratiba za ajira huchelewa hata mahali penye nidhamu, kwa sababu ya yule mjumbe aliyeko Mbeya. Ngoja siku tatu hadi tano za kazi, kisha mwandikie uliyetajiwa, sentensi tatu tu: ulisailiwa lini na kwa nafasi gani, uliambiwa majibu yangetoka lini, na unaomba kufahamu kama ratiba imebadilika. Neno "ratiba" linamrahisishia. Ukiuliza, "Nimepata au nimekosa?" unamlazimisha kutoa jibu ambalo huenda hana mamlaka ya kulitoa, naye ataona heri akae kimya.

Tumia baruapepe, si wasapu, isipokuwa kama wao ndio walioanza kukuandikia huko. Alama mbili za buluu bila jibu zitakunyima usingizi, na huenda aliyesoma alikuwa kwenye foleni ya benki. Usimpitie binamu yako anayefanya kazi humo akuulizie kwa bosi. Habari hiyo hufika mezani ikiwa imevaa sura ya upendeleo, na jopo lililokuwa limekupa alama nzuri kwa haki litaanza kujihami.

Baada ya barua ya kwanza subiri wiki mbili, andika ya pili, kisha acha. Asiyejibu mara mbili ama amemchukua mwingine na anamsubiri asaini, ama nafasi imesimamishwa, na katika hali zote mbili barua ya tatu haibadilishi kitu. Kusubiri kwenyewe kusikuzuie kuomba kwingine, hata kama mwenyekiti alikutabasamia. Waajiri huweka mtu wa pili wa akiba kwa sababu wanajua wa kwanza anaweza kukataa. Msailiwa naye awe na akiba yake.

Nawageukia waajiri kidogo, maana mzigo huu si wa msailiwa peke yake. Tangazo la kazi linaloishia na "watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa" linaweza kuongezewa mistari miwili: hatua za usaili ni hizi, na majibu yatatoka kati ya tarehe hii na hii. Waliokuja hadi mezani kwenu, wakaomba ruhusa kazini na kulipa nauli ya basi, wanastahili ujumbe wa simu wa kuwaambia hawakuvuka. Watu kumi na wawili waliosailiwa ni ujumbe kumi na mbili, kazi isiyozidi nusu saa kwa afisa mmoja. Anzeni na wale mliowasaili mwezi huu.